Klipu ya sekunde 12 ya daladala, mfumo wangu haiupati wimbo. Wajuzi wa alama za sauti naomba mje

Fundi_wa_Kanda

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kwenye redio moja ndogo ya mkoani. Tuna maktaba ya nyimbo za zamani, dansi na taarabu, kama 3,000 hivi, zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti na kanda za rili kuwa mafaili. Wasikilizaji wanatutumia klipu WhatsApp, "jamani wimbo huu unaitwaje?" Programu za kwenye simu zinaijua Bongo Fleva hata ukiwa baa watu wanapiga kelele, ila hizi za kwetu hazizijui kabisa. Sababu naielewa: hazimo kwenye hifadhi yao. Ndiyo maana nikaamua kutengeneza ya kwetu kwa Python.

Nimefuata njia inayojulikana. Sauti naishusha hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, FFT ya 1024, naruka sampuli 256 kila fremu. Natafuta vilele, naviunganisha jozi jozi, kila jozi inakuwa heshi moja, yaani namba ya kuitambulisha, naweka kwenye jedwali.

Sasa kuna klipu ya sekunde 12, imerekodiwa ndani ya daladala. Injini inanguruma, konda anaita abiria, lakini gitaa la solo linasikika vizuri tu. Na nina uhakika huo wimbo tunao, nimewahi kuusikia hapa hapa studio. Mfumo unaniletea nyimbo tano zenye alama 3 au 4, hakuna hata moja inayofanana. Nimejaribu kuondoa kelele kwa programu ya kusafisha sauti, ikawa mbaya zaidi. Nakosea wapi?

Chuma_Chakavu

Mkuu tatizo ni kelele tu, hakuna lingine. Hizi programu kubwa zina mitambo ya kuchuja kelele kwanza, wimbo unabaki mtupu, halafu ndiyo zinalinganisha melodi na melodi. Wewe huna mtambo huo. Tafuta kichujio kizuri cha kuondoa injini, mengine yatajipa.

Kaskazi

Chuma, kuhusu kelele kuwa adui uko sahihi nusu, lakini hazichujwi, na melodi hailinganishwi popote. Kanuni hii aliiandika Avery Wang mwaka 2003, na huduma yenyewe, Shazam, ilikuwa imeshaanza Uingereza mwaka 2002: unapiga namba 2580, unaielekeza simu kwenye spika, simu inakatika, jina la wimbo linakuja kwa meseji. Fikiria sauti ya simu ya mwaka ule, besi haipo, juu kumekatwa, na kompresheni ya GSM iliyotengenezwa kwa ajili ya maongezi imepita juu yake. Hapo hakuna cha kusafisha. Walichofanya ni kuchagua kitu ambacho kelele haikifikii.

Kitu hicho ni vilele vya spektrogramu, ile picha ya nguvu ya kila masafa kadiri muda unavyokwenda. Maji yakijaa, mchanga wote unafunikwa lakini minazi iliyosimama unaiona. Injini ya daladala inajaza sehemu kubwa ya chini, konda anajaza katikati anapoita, lakini noti ya gitaa iliyokuwa na nguvu kuliko majirani zake inabaki ilipokuwa, masafa yale yale na muda ule ule. Kelele inakuongezea vilele vya uongo na inakufichia baadhi ya vile vya kweli. Haivihamishi vile vilivyobaki. Programu ya kusafisha ndiyo inayovihamisha na kuvifuta, kwa hiyo Fundi, irudishe klipu kama ilivyokuja na usiiguse.

Kabla sijasema zaidi, weka hapa sehemu ya msimbo inayohesabu.

Fundi_wa_Kanda

Hii hapa mkuu:

```python
from collections import Counter
kura = Counter()
for h, t_klipu in alama_za_klipu:
    for wimbo, t_wimbo in hifadhi.get(h, []):
        kura[(wimbo, t_wimbo - t_klipu)] += 1
print(kura.most_common(5))
```

Kila sekunde nachukua vilele kama 20, na kila kilele nakiunganisha na vitano vinavyokifuata, ndani ya fremu 63.

Kaskazi

Msimbo uko safi. Wengi wanaoshindwa huwa wanahesabu heshi ngapi zimefanana kwa kila wimbo na kuishia hapo. Wewe umeweka ile tofauti ya muda, na ndiyo roho ya jambo lote.

Wacha niuzungumzie kwa hesabu ya kwako mwenyewe ili na wengine waone. Klipu ya sekunde 12, vilele 20 kwa sekunde, jozi 5 kwa kila kilele: una heshi 1,200. Upande wa maktaba, nyimbo 3,000 za dakika nne nne zinakupa heshi milioni 72. Heshi yako ina masafa mawili na muda kati yao, biti 24 jumla, maana yake kuna heshi tofauti milioni 16.8 zinazowezekana. Kwa hiyo kila heshi ya klipu, hata ya uongo mtupu, itakuta wenzake wanne na kidogo kwenye jedwali. Ukizidisha unapata mifanano ya bahati zaidi ya 5,000. Inatisha, siyo?

Haitishi, kwa sababu hiyo 5,000 imetawanyika. Kila wimbo wa dakika nne una fremu 7,500, nyimbo ziko 3,000, kwa hiyo kura hizo za bahati zinaangukia kwenye visanduku milioni 22. Mbili tatu zitakutana kwenye kisanduku kimoja, labda nne au zaidi kidogo, kwa kuwa muziki haujatawanyika sawasawa. Vilele vingi viko chini. Lakini wimbo wa kweli, kura zake zote zinaangukia sanduku moja, kwa kuwa klipu nzima ilianza sehemu moja ya wimbo.

Sasa kelele. Tuseme daladala imekula vilele saba katika kila kumi, vimebaki 30 kwa mia. Jozi inahitaji vyote viwili viwe hai, kwa hiyo jozi zilizobaki ni 9 kwa mia, kama 108. Sanduku la kweli lina 108, la pili lina 4. Hata vikibaki vilele 10 kwa mia, unapata kura 12, bado unaona. Vikibaki 5 kwa mia unapata 3, na hapo umeshazama. Ndiyo maana mifumo hii haichoki taratibu. Inajua, inajua, halafu ghafla haijui kabisa.

Fundi anasema gitaa linasikika vizuri. Kwa sikio langu la mbali, hiyo si klipu ya 5 kwa mia. Kwa hiyo siamini kwamba tatizo ni kelele.

Bi_Mkubwa_Ngambo

Assalaam aleikum nyote. Mimi nina wimbo wa taarabu nakumbuka mahadhi yake tu, maneno siyajui, mama alikuwa akiuimba tukiwa wadogo. Nikiuvumisha hapa kwenye simu mtaweza kuuingiza kwenye huo mtambo wa Fundi ukautambua?

Kaskazi

Waaleikum salaam Bi Mkubwa. Kwa mtambo huu hapana. Huu unatambua rekodi yenyewe, siyo wimbo. Bendi ile ile ikiupiga wimbo ule ule jukwaani kesho yake, kwake ni kitu kigeni, maana mpiga gitaa hawezi kurudia noti zake kwa usahihi wa milisekunde 32, yaani fremu moja. Wang mwenyewe aliona kwamba ukipata jibu kutoka kwenye "onesho la moja kwa moja", kuna uwezekano mkubwa msanii anafungua mdomo juu ya CD. Kutafuta kwa kuvumisha ni elimu nyingine, inafuata kupanda na kushuka kwa sauti, na Google waliiweka kwenye simu mwaka 2020. Jaribu huko, ingawa taarabu ya zamani sina hakika kama utaikuta.

Bi_Mkubwa_Ngambo

Ahsante mwanangu. Nitajaribu.

Likoni_Feri

Wazee wa bara, mimi niko Mombasa napiga disko za harusi. Swali langu ni kinyume cha la Fundi. Nikipakia video ya harusi mtandaoni inashikwa mara moja, hata kama bibi harusi anaongea juu ya muziki na watoto wanalia. Lakini nikipandisha spidi ya ngoma kidogo kwenye mikisi, mara inashikwa mara inapita. Tena kuna siku ilishikwa ikaambiwa ni wimbo mwingine kabisa ambao sijawahi kuupiga. Sasa hiyo inakuwaje?

Chuma_Chakavu

Likoni usitufundishe kukwepa hakimiliki hapa 😂

Hiyo ya wimbo mwingine ni kwa sababu biti imekopwa. Maprodyuza wawili wamenunua lupu moja.

Kaskazi

Chuma hapo umepiga penyewe. Lupu ikiwa ni faili lile lile, vilele vyake ni vile vile, na mfumo hauna njia ya kujua nani alitangulia. Dalili yake unaiona kwenye kura: badala ya sanduku moja refu, unakuta masanduku mengi ya wimbo mmoja yamepishana kwa umbali ule ule. Lupu ya mapigo manne kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika inachukua sekunde 2.4, ambazo ni fremu 75 za Fundi. Ukiona kura zimesimama kila baada ya 75, ujue umeshika lupu, hujashika wimbo. Singeli ndiyo usiseme, lupu fupi na kasi inayozidi 200, jedwali linajaa uchafu.

Lakini Likoni, cha spidi ndicho nilichokuwa nakisubiri mtu akiseme. Fundi, hiyo daladala ilikuwa inapiga kaseti?

Fundi_wa_Kanda

Msikilizaji amesema dereva ana fleshi, lakini nyimbo zilizomo alizitoa kwa jamaa anayehamisha kaseti za zamani. Na za kwetu nazo zimetoka kwenye kaseti nyingi tu.

Kaskazi

Basi hapo ndipo penye ugonjwa.

Kinanda cha kaseti mota yake ikichoka, mkanda unakwenda mbio au polepole kwa asilimia mbili, tatu, tano. Sikio lako halijali. Heshi inajali sana. Chukua noti ya hezi 1,000. Kwenye FFT yako kila kijisanduku ni hezi 7.8, kwa hiyo iko namba 128. Mkanda ukienda mbio kwa asilimia 3, noti inakuwa 1,030, imehamia namba 132. Heshi nyingine kabisa. Na muda kati ya vilele nao umebana: fremu 40 zimekuwa 39. Noti za chini zinaweza kuponea chupuchupu, hezi 200 ikiwa 206 bado iko namba 26, lakini jozi nyingi zina angalau mguu mmoja uliohama. Haijalishi klipu ni safi kiasi gani. Ungeirekodi studio na mkanda huo huo ungepata zile zile kura 3 au 4.

Kabla ya dawa, jipime kwanza. Kata sekunde 12 kutoka kwenye faili lako lolote, lipige kwenye spika, lirekodi kwa simu upande wa pili wa chumba, feni ikiwa imewashwa. Ukipata kura za kutosha, mfumo wako ni mzima na lawama zinabaki kwenye spidi. Usitumie kitufe cha ujumbe wa sauti kurekodi. Simu nyingine zinauona muziki ndiyo kelele zikibonyezwa hapo, zinaukandamiza ili maongezi yasikike.

Fundi_wa_Kanda

Nimejipima, nyimbo tatu tofauti. Kura 140, 95 na 171, zote sahihi, na wa pili yake hafiki 6. Kwa hiyo mfumo ni mzima. Dawa ya spidi ni ipi mkuu?

Kaskazi

Ya haraka ni kuipindua klipu, siyo maktaba. Tengeneza nakala 25 za klipu, kila moja spidi yake, kuanzia chini ya asilimia 6 hadi juu ya asilimia 6, kwa hatua za nusu asilimia. Kila nakala iulize kwenye jedwali lile lile. Nakala moja:

```
ffmpeg -i klipu.wav -af "aresample=8000,asetrate=7720,aresample=8000" klipu_7720.wav
```

Badilisha hiyo namba kutoka 7520 hadi 8480, kila mara ongeza 40. Angalia usitumie `atempo`: hiyo inabadilisha kasi bila kugusa masafa, na mkanda unabadilisha vyote viwili kwa pamoja.

Halafu kwenye kuhesabu, jumlisha sanduku na jirani zake wa pande mbili. Ikibaki tofauti ya nusu asilimia, ndani ya sekunde 12 muda unateleza milisekunde 60, ambazo ni fremu mbili. Kura za kweli zitajigawa kwenye masanduku mawili matatu, na ukitazama moja moja utaona vifupi vyote.

Chuma_Chakavu

Kwa nini asihifadhi uwiano badala ya masafa? Vilele vitatu, unagawanya muda wa kwanza kwa wa pili. Mkanda ukienda mbio uwiano haubadiliki. Hakuna haja ya nakala 25.

Kaskazi

Upo mfumo wa namna hiyo, Panako wa Joren Six, wa mwaka 2014, na ni wa bure. Unatumia vilele vitatu na mizani ya masafa inayokwenda kwa noti, hivyo spidi ikibadilika alama zote zinasogea hatua sawa. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya juu. Jozi inataka vilele viwili viwe hai, utatu unataka vitatu. Kwenye klipu yenye vilele 30 kwa mia, jozi zinabaki 9 kwa mia, utatu unabaki chini ya 3. Unanunua kinga ya spidi kwa kuuza kinga ya kelele. Kwa maktaba tulivu ya kanda ningemshauri Fundi huko. Kwa klipu za daladala, nyimbo 3,000 tu, nakala 25 ni dakika moja ya kompyuta.

Chuma_Chakavu

Hapo sikubali moja kwa moja. Unaweza kuongeza idadi ya utatu kwa kila kilele ukafidia.

Kaskazi

Unaweza, na jedwali linavimba, na kura za bahati zinavimba nalo. Pima utuletee, nitafurahi kukosolewa kwa namba.

Fundi_wa_Kanda

WAKUU.

Nimeendesha zote 25. Nyingi zimetoa 4, 5, 6 na nyimbo tofauti tofauti. Halafu:

```
7680   14   212-B-04   3281
7720   63   212-B-04   3281
7760   19   212-B-04   3280
```

Wimbo mmoja, na hatua tatu zilizopakana. Fremu 3281 ni kama dakika 1 na sekunde 45. Nimefungua faili hapo, nimesikiliza na klipu pembeni. Ni wenyewe! Gitaa linaingia pale pale, mpiga tumba anakosea pale pale.

Kaskazi

Hongera. Na hicho kilima ndicho cha kuamini zaidi ya 63 yenyewe. Kura za bahati huruka kwenye hatua moja tu kisha zinapotea. Za kweli zinapanda na kushuka pande zote mbili na kwenye fremu ile ile. Klipu ilikuwa mbio kuliko nakala yako kwa asilimia 3.6.

Haya, wimbo unaitwaje?

Fundi_wa_Kanda

Hapo ndipo kichekesho. 212-B-04 ni kaseti namba 212, upande B, wimbo wa nne. Ganda halina karatasi. Aliyehamisha hakuandika jina wala bendi.

Likoni_Feri

😂😂😂 Kwa hivyo mtambo umekwambia wimbo ni ule usioujua.

Bi_Mkubwa_Ngambo

Andika maneno yanayosikika mwanangu, hata mistari miwili. Sisi wengine hatuna mitambo ila tuna masikio.

Fundi_wa_Kanda

Bi Mkubwa, nitayaandika leo usiku nikiwa na hedifoni nzuri, mwimbaji anameza maneno sana.

Ila Kaskazi, nina swali jingine. Klipu iko mbio kuliko yetu, sawa. Lakini nakala yetu yenyewe nitajuaje kama iko kwenye spidi sahihi? Bosi anataka tuirekebishe maktaba yote.

Kaskazi

Tafuta mngurumo wa umeme. Umeme wa kwetu ni hezi 50, na rekodi nyingi za zamani zimeunasa chinichini. Chukua faili la asili, siyo hili la FFT fupi, piga FFT ya sekunde 10 au zaidi ili uone hadi sehemu ya kumi ya hezi. Mngurumo ukisimama 51, mkanda uko mbio kwa asilimia 2. Angalizo moja: kinanda kilichotumika kuhamisha nacho kina mngurumo wake, na huo utasimama 50 au karibu sana, mkanda uwe mbio usiwe mbio.

Fundi_wa_Kanda

Nimeona mistari miwili kwenye 212-B. Mmoja 50.0, mwingine dhaifu 51.1.

Kaskazi

Basi 50.0 ni wa wakati wa kuhamisha, na 51.1 uko ndani ya mkanda. Nakala yenu iko mbio kwa asilimia 2.2, na ile ya daladala ukizidisha inakaribia 5.9, hiyo ni nusu toni nzima juu ya bendi ilivyopiga.

Chuma_Chakavu

Au walirekodi kwa jenereta iliyokuwa inazunguka haraka. Au mngurumo uliingia kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na huo wa kwanza haumo kabisa. Mngurumo unakwambia spidi tangu mkanda ule ulipogusana na umeme, siyo tangu bendi ilipopiga. Mimi nisingerekebisha maktaba nzima kwa mstari mmoja.

Kaskazi

Hiyo ni hoja, na siwezi kuipangua kwa kaseti moja. Fundi, angalia 212-A na nyimbo nyingine za upande B. Zote zikisimama 51.1, angalau tunajua ni mkanda wote. Na mafaili ya asili usiyafute, marekebisho weka pembeni.

Fundi_wa_Kanda

Nyimbo tatu za kwanza za B ziko 51.1. Za upande A hazina mstari wa pili kabisa, 50.0 peke yake.

Bi Mkubwa, mistari niliyoipata inaanza na "nilikwambia mapema", halafu kuna jina la mji sijalishika, ama Tabora ama Taveta.